Shajara ya samadi ya banda letu, Rungwe: lundo, joto na hesabu ya bayogesi

Machi

Banda letu lina ng'ombe watatu, wawili wanakamuliwa na mmoja ni mtamba. Wote ni chotara wa Friziani na wanalishiwa ndani mwaka mzima, mabingobingo na majani ya Guatemala yanayokatwa shambani, na pumba wakati wa kukamua. Tuko kwenye miinuko ya Rungwe, si mbali na Tukuyu, mahali ambapo mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Shajara hii nawaandikia ndugu zangu waliochanga fedha za mradi, ili waone fedha inafanya nini. Naiandika pia kwa majirani wenye mabanda kama letu.

Mradi una maswali mawili. La kwanza: samadi ya ng'ombe hawa tuitunzeje ili irudi shambani na nguvu yake, na isimletee mtu ugonjwa kupitia mboga? La pili: je, tujenge mtambo wa bayogesi? Kaka yangu alitaka tuanze na la pili. Nimeomba tuanze na la kwanza, kwa sababu hata mtambo ukijengwa, kinachotoka upande wa pili bado ni samadi na bado kinahitaji pa kwenda.

Mwezi huu tulishughulikia paa na sakafu. Samadi ya zamani ilikuwa inarundikwa nyuma ya banda, wazi, chini kidogo ya ukingo wa bati, kwa hiyo ilinyeshewa na mvua ya mbinguni na ile inayomwagika kutoka kwenye paa. Kila mvua kubwa ilipokatika, kijito cha maji meusi kilishuka kuelekea bondeni. Maji yale meusi ndiyo mbolea yenyewe. Naitrojeni iliyo tayari kuliwa na mmea huyeyuka kwenye maji, potasiamu pia, na kinachobaki kwenye lundo ni makapi. Ukiona samadi ya mwaka mzima inaotesha mahindi ya manjano, tazama kwanza kama ilikuwa na paa.

Tumeezeka sehemu ya samadi kwa mabati, tumeweka mfereji wa bati kupeleka maji ya paa upande mwingine kabisa, na kuchimba mtaro mdogo upande wa juu ili maji ya mlimani yapite pembeni. Kutoka hapo hadi mto mdogo wa bondeni tulipima kwa kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na sisi tuko mbali zaidi ya hapo. Kisima cha jirani kiko upande wa juu yetu. Kingekuwa upande wa chini, tungehamisha lundo.

Machi, mwishoni

Mkojo. Watu wengi hawauhesabu kabisa, na mimi nauona ndio hasara kubwa kuliko zote. Karibu nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe, na sehemu kubwa zaidi ya potasiamu, iko kwenye mkojo na si kwenye kinyesi. Ukizoa kinyesi na kuacha mkojo uzame ardhini, umeokota nusu ya mali.

Sakafu yetu ya zege ilikuwa na mashimo, mkojo ulikaa humo na kutoa ile harufu kali inayochoma macho. Harufu ile ni amonia, yaani naitrojeni inayoondoka kwa njia ya hewa. Fundi ameziba mashimo na kuipa sakafu mteremko mdogo kuelekea mtaro wa nyuma, kiasi cha sentimita mbili au tatu kwa kila mita. Mteremko mkali zaidi unamtelezesha ng'ombe, hasa mwenye mimba. Mtaro unamimina kwenye pipa lililozikwa hadi shingoni, lenye mfuniko. Mfuniko ni lazima, kwa ajili ya amonia na kwa ajili ya watoto.

Kwenye malalo tunatumia majani makavu ya migomba na maranda kutoka kwa mafundi seremala. Hunyonya mkojo unaobaki, na kila asubuhi hutoka pamoja na kinyesi. Kwa hiyo lundo linaanzia bandani, chini ya ng'ombe, kabla hatujashika beleshi.

Tulipima kinyesi kwa mizani ya kuning'iniza, ndoo kwa ndoo, kwa juma zima. Kwa wastani tunapata kilo 45 kwa siku kutoka kwa ng'ombe wote watatu, bila malalo. Namba hii itarudi mara nyingi humu, kwa sababu ukubwa wa lundo na ukubwa wa mtambo vyote vinatoka kwayo. Nawasihi majirani wapime wenyewe. Ng'ombe mdogo, au anayekula majani machache, hatoi kiasi cha ng'ombe wa kwenye kipeperushi.

Aprili

Lundo la kwanza limejengwa. Naeleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo kazi yote ilipo.

Samadi yetu ilikuwa na tabia moja: kila asubuhi mzigo mpya uliongezwa juu ya wa jana, mwaka mzima. Lundo la namna hiyo haliivi kamwe. Chini linaweza kuwa limeoza vizuri, juu ni kinyesi cha leo, na siku ya kubeba unapakia vyote pamoja. Hata kama katikati palipata joto na kuua vijidudu, kinyesi kibichi kinavirudisha. Kwa hiyo tumegawa eneo lenye paa sehemu tatu. Ya kwanza ni ya kukusanyia, inapokea kila siku. Ya pili ni ya joto, lundo likishajengwa hapo linafungwa na haliongezwi hata ndoo moja. Ya tatu ni ya kutulizia, mboji inakaa hadi ikomae.

Tunakusanya kwa wiki mbili, tunapata kiasi cha kilo 630 za kinyesi, halafu tunajenga lundo moja. Kinyesi kibichi ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo kwa ujazo tunaweka makavu mara mbili ya kinyesi: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa vipande vya urefu wa kiganja, majani makavu ya migomba, na malalo. Makavu yanafanya kazi mbili. Yanatoa kaboni ambayo vijidudu wa kuozesha wanaihitaji pamoja na naitrojeni ya kinyesi, na yanaacha nafasi za hewa. Bila hewa wanaofanya kazi ni vijidudu wengine kabisa, wasiotoa joto la maana.

Chini tulilaza mabua mazima, unene wa kama futi moja, ili hewa iingie kwa chini. Juu yake tabaka la makavu, tabaka jembamba la kinyesi, tukanyunyiza mkojo kidogo kutoka kwenye pipa, tukarudia. Upana mita moja na nusu, kimo karibu hivyo hivyo wakati wa kujenga, kwa kuwa lundo hubonyea haraka. Lundo lisilofika mita moja kila upande hupoteza joto kuliko linavyolizalisha, na huku kwetu kwenye baridi ni afadhali lizidi.

Kabla ya kufunika tulipima unyevu kwa mkono. Chukua konzi kutoka katikati, kamua kwa nguvu. Maji yakichuruzika, limelowa mno, ongeza makavu. Konzi ikisambaratika bila kuacha unyevu kiganjani, ni kavu mno. Inayofaa ni ile inayotoa tone moja au mawili kati ya vidole na kubaki imeshikana. Tunavaa glavu na viatu vya mpira, na mwenye kidonda mkononi hashiki kabisa, kwa kuwa pepopunda hukaa kwenye samadi na udongo.

Aprili, joto

Dada yangu alileta kipimajoto chenye shina refu, lakini sikutaka majirani wadhani bila hicho kazi haiendi, kwa hiyo tunatumia na kipande cha nondo. Kinachomekwa hadi katikati ya lundo, kinaachwa dakika kumi, kinachomolewa na kushikwa sehemu iliyokuwa ndani. Ikiwa vuguvugu tu, lundo halijaamka. Ikiwa ya moto lakini unaweza kuendelea kuishika, liko kati ya nyuzi 40 na 50. Mkono ukilazimika kuachia haraka, limepita 55. Tumelinganisha na kipimajoto mara kadhaa na inaafikiana vizuri.

Nyuzi 55 ndizo tunazozitafuta. Kwenye joto hilo likidumu siku kadhaa, E. koli na salmonela hufa, mayai ya minyoo hupoteza uhai, mbegu za kishonanguo na mchicha pori haziwezi tena kuota, na mabuu ya nzi huungua. Lundo letu lilifika 48 siku ya tatu na 62 kabla ya wiki kwisha, huku asubuhi nje ikiwa 15. Mama alisogea akaona mvuke, akaweka mkono juu, akaniita nije nione wakati mimi ndiye niliyekuwa nimetoka kupima. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Lakini namba ya katikati inadanganya. Nilipima na pembeni, kina cha kiganja tu kutoka nje: nyuzi 33. Maana yake ganda lote la nje, ambalo ni sehemu kubwa ya lundo, bado lilikuwa bichi. Ndiyo sababu ya kugeuza. Kugeuza kunaongeza hewa, ndiyo, lakini sababu kubwa zaidi ni kuhamisha cha nje kiende ndani kikapate joto. Kwa hiyo hatuchanganyi ovyoovyo. Kwanza tunakwangua ganda la nje na kuliweka kando, tunalihamisha lundo hatua moja pembeni kwa uma, na lile ganda tunalipanga katikati ya lundo jipya.

Tuligeuza joto lilipoanza kushuka. Baada ya kugeuza lilishuka hadi 41, likapanda tena hadi 59. Kanuni za kilimo hai za Marekani, kwa malundo ya kugeuzwa, zinataka lundo likae kati ya nyuzi 55 na 77 kwa siku 15 na ligeuzwe mara tano katika muda huo. Nimeichukua kama shabaha. Zaidi ya 65 mimi naligeuza mapema ili lipoe, maana likizidi hapo hata vijidudu wa kuozesha hufa, na naitrojeni nyingi huondoka kama amonia.

Jambo moja la kuzingatia kwa wenye ng'ombe wanaozaa: kondo la nyuma na mimba iliyotupwa haviingii kwenye lundo. Ugonjwa wa kutupa mimba, brusela, huambukiza watu, na humo ndimo vimelea vyake hujaa. Vyetu tunavifukia shimoni, chini sana ili mbwa wasifukue, na anayebeba anavaa glavu. Mimba ikitupwa tunamwita kwanza mtaalamu wa mifugo wa kata.

Mei

Lundo la pili lilitupa kazi. Wiki ya mvua ya upepo, ile inayopiga kwa ubavu, maji yaliingia chini ya bati na kulowesha upande mmoja wote. Kipimajoto kiligoma kwenye 34, siku baada ya siku. Nondo ilitoka vuguvugu na kunuka yai viza.

Harufu ndiyo inayokuambia tatizo ni lipi, na inafaa kuitofautisha. Harufu ya kuchoma pua, ya amonia, maana yake naitrojeni imezidi makavu, au lundo ni kavu na moto mno. Harufu ya yai viza maana yake hewa haipo, maji yamejaza nafasi zake. Ukikuta ndani weupe kama majivu na vumbi, limekauka likiwa na joto, ongeza maji. Na lundo lisilonuka chochote na lisilopata joto mara nyingi ni makavu matupu, linadai mkojo au kinyesi.

Letu tulilifungua lote. Chini palikuwa na tope la kijani linaloteleza. Tulichanganya mabua makavu na maranda hadi kipimo cha konzi kikakubali, tukalijenga upya juu ya mabua mazima, na safari hii tukasimamisha katikati mafungu mawili ya mabua yaliyofungwa kwa kamba ili hewa ipande. Upande wa upepo tumeweka ukuta wa mabanzi. Maji meusi yaliyokusanyika chini tuliyateka na kuyarudisha kwenye lundo la kukusanyia. Baada ya siku chache lilifika 57, nasi tukaanza kuhesabu siku zake upya kutoka hapo. Siku za nyuma za 34 hazihesabiki, hata kama lundo linaonekana limeoza.

Juni

Lundo la kwanza limehamia sehemu ya kutulia. Limebaki kama nusu ya ujazo wake wa mwanzo, rangi ya kahawia nyeusi, harufu ya udongo wa msituni baada ya mvua. Mabua mazito machache bado yanatambulika, yatarudi kwenye lundo jipya.

Kupoa si kukomaa. Lundo linaweza kupoa kwa sababu limekauka tu. Tulilinyunyizia maji, tukaligeuza, tukasubiri siku tatu. Joto halikupanda tena. Kisha tukafanya jaribio la mbegu: kopo moja lenye mboji, jingine lenye udongo wa kawaida, mbegu kumi kumi za mchicha. Zikiota sawasawa na miche ikawa na rangi nzuri, mboji iko tayari. Zikigoma au majani yakaungua kingo, bado ina amonia, iache mwezi mwingine.

Mama aliuliza swali ambalo najua majirani wanalo. "Mwanangu, migomba ya babu yako ililishwa samadi mbichi miaka yote, na ndizi tulikula. Haya yote ya nini?"

Nilimjibu kwamba babu alikuwa sahihi kwa migomba. Ndizi inaning'inia juu, haigusi udongo, na tunaimenya na kuipika. Vivyo hivyo parachichi, ilimradi haliokotwi chini, na mabingobingo ya ng'ombe wenyewe. Chainizi, saladi na karoti zinalala udongoni, na karoti watoto wanaing'oa na kuila hapohapo. Kanuni zilezile za kilimo hai zinasema samadi mbichi ikitumika, zipite siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, na 90 kwa lisilougusa. Chainizi haikai shambani miezi minne, inavunwa ndani ya miezi miwili. Kwa mboga za aina hiyo, samadi mbichi haina nafasi kabisa. Alifikiri kidogo, akasema basi bustani yake ya nyuma ya jiko ipate lile lililochemka.

Kwa hiyo mgawo ni huu. Mboji iliyopita kwenye joto na kutulia inakwenda bustanini, debe moja kwa mita tatu au nne za mraba, inachanganywa na udongo wa juu. Mkojo unachanganywa na maji, sehemu moja kwa tatu, unamiminwa kwenye mfereji kando ya mabingobingo na kufukiwa papo hapo, usiguse majani. Migomba inapata mboji inayobaki, debe moja au mawili kwa shina kwa mwaka, hatua moja kutoka shinani, na kufunikwa kwa majani. Beleshi na toroli vya kinyesi kibichi havivuki kuingia sehemu ya mboji kabla ya kuoshwa. Tumepaka mpini mmoja rangi nyekundu ili hata mgeni ajue.

Julai

Sasa bayogesi. Kaka amekuja kutoka Mbeya pamoja na fundi aliyewahi kujenga mitambo ya kuba la kuzikwa, ile ya matofali iliyosambazwa nchini kupitia CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, katika programu ya bayogesi ya majumbani iliyoanza 2009. Inajengwa kwa saizi za mita za ujazo 4, 6, 9 na 13. Tumekaa na kalamu.

Kinyesi ni kilo 45 kwa siku. Kinachanganywa na maji kiasi sawa, kwa hiyo mtambo unapokea karibu lita 90 kila siku. Sehemu ya maji hayo inaweza kuwa mkojo na maji ya kuoshea sakafu, ila si yote, kwa kuwa amonia ikizidi inawazuia vijidudu wa gesi. Maji yenye sabuni, dawa ya kuogeshea au dawa ya kuua vijidudu hayaingii kamwe.

Swali linalofuata ni tope likae tumboni mwa mtambo siku ngapi, na hapo baridi yetu inaingia. Vijidudu wa gesi hufanya kazi kwa raha kwenye nyuzi 30 na kitu, chini ya 15 karibu wanalala. Tulichimba shimo la mita moja tukaacha kipimajoto ndani: nyuzi 18. Kule Kyela, chini kando ya Ziwa Nyasa kwenye joto, siku 40 zingetosha: lita 90 mara 40 ni lita 3,600, ukiongeza robo hivi ya nafasi ya gesi unaingia vizuri kwenye mtambo wa mita 6. Huku kwetu fundi anataka siku 60: lita 5,400, na nafasi ya gesi juu yake, inavuka 6. Kwa hiyo ni mtambo wa 9, kwa ng'ombe walewale. Aliyejengewa wa 6 mlimani kwa hesabu ya Kyela atapata gesi kidogo, na tope litatoka kabla halijameng'enywa.

Gesi yenyewe: sehemu za joto huhesabu lita 35 hadi 40 kwa kilo ya kinyesi. Mimi nahesabu 25. Hiyo ni lita 1,100 hivi kwa siku, na jiko moja la nyumbani linakula kama 400 kwa saa. Tunapata karibu saa tatu za moto, pungufu kwenye baridi ya Juni na Julai. Zinatosha chai, ugali na mboga. Maharage yatahitaji kulowekwa usiku, na yakiwa mengi kuni zitabaki. Nimewaandikia ndugu hivyo wazi, wasidhani kuni zinaondoka zote. Kwa Mama, kupika asubuhi na jioni bila moshi ni jambo kubwa, macho yake yananiuma mimi nikiyatazama.

Maji pia tumeyahesabu: ndoo mbili na zaidi kila siku, na kwa mvua zetu na tangi la paa yapo. Ndugu wa upande mkavu wa Iringa wanaofikiria hili waanze na swali la maji kabla ya matofali.

Agosti

Kabla ya kuamua nilitaka kitu kimoja kieleweke kwa kila mtu nyumbani. Mtambo hauchemshi samadi. Tope linakaa humo kwenye nyuzi 18 au 20, vijidudu wa magonjwa hupungua, lakini hawafi wote. Linatoka halinuki sana, nzi hawalipendi, linaonekana safi, na hapo ndipo watu wanalimwaga kwenye saladi. Kwa joto letu, tope la mtambo ni la migomba na mabingobingo. Likitakiwa bustanini linapita kwanza kwenye lundo.

Na lina faida kweli. Naitrojeni yake nyingi tayari iko kwenye hali ambayo mmea unaichukua moja kwa moja. Hali hiyohiyo inaifanya iruke upesi kama amonia, kwa hiyo tope linaloanikwa juani hadi likauke limepoteza kile kilicholifanya liwe bora. Linamiminwa kwenye mfereji na kufukiwa siku hiyohiyo, au linamwagwa juu ya majani makavu kwenye shimo lenye paa.

Usalama wa mtambo tumeuandika ukutani bandani. Hakuna mtu anayeingia ndani ya kuba au chumba cha kutokea tope, hata likiwa tupu, hata kumwokoa mwingine. Ndani hakuna hewa ya kuvuta na gesi ya harufu ya yai viza ikiwa nyingi inaua pua kwanza, unaacha kuisikia, kisha inamwangusha mtu. Kuvuja kunatafutwa kwa povu la sabuni kwenye viungo vya bomba, si kwa kiberiti. Gesi ya mwanzo, ambayo bado imechanganyika na hewa, inaachiwa nje bila kuwashwa. Mdomo wa tope unakuwa na mfuniko mzito wa zege ambao mtoto hawezi kuuinua.

Septemba

Ndugu wamekubaliana: mtambo wa mita 9, uchimbaji uanze mwezi huu na kuba lifunikwe kabla ya mvua za Novemba, kwa sababu shimo lililo wazi hapa likinyeshewa hujaa maji na kuta kubomoka. Utakaa upande wa chini wa banda ili kinyesi na mkojo viteremke vyenyewe hadi kwenye kichanganyio, na upande ambao jua linapiga. Mashimo mawili ya tope yatapokezana, moja likijazwa jingine likitulia, yote chini ya bati lile lile lililopo.

Kinyesi cha kujazia mtambo mara ya kwanza ni kingi kuliko tulicho nacho, kwa hiyo jirani mwenye ng'ombe wanne atatupatia cha kwake, na tutamlipa kwa mboji. Kuanzia siku mtambo utakapoanza kulishwa, lundo la joto litapungua. Litalishwa na tope lililochanganywa na malalo na mabua badala ya kinyesi kibichi, na sijui kwa mikono yangu bado kama tope litapandisha joto hadi 55, kwa kuwa sehemu ya nguvu yake itakuwa imekwenda jikoni. Nitajenga la kwanza kwa makavu mengi zaidi na majani mabichi ya mabingobingo, na kulipima kila siku. Hadi nondo iseme imefika, bustani ya Mama itaendelea kutumia mboji ya malundo ya Mei na Juni, ambayo imebaki magunia kadhaa, juu ya mabanzi, mbali na beleshi la mpini mwekundu.